Kati ya "Hawezi" na "Hajaweza"

Mwanzoni mwa Juni, siku moja au mbili kabla ya shule za msingi kufungwa Tanzania, karatasi moja husafiri kutoka darasani hadi nyumbani ndani ya mkoba, mfukoni, au ikiwa imekunjwa mara nne kiganjani. Ni ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi. Juu kuna jina na darasa, katikati kuna jedwali la masomo, alama na madaraja, chini yake wastani na nafasi. Kisha inakuja mistari miwili au mitatu ya nukta iliyoandikwa "Maoni ya mwalimu wa darasa". Mara nyingi hapo huandikwa maneno mawili tu: Ongeza bidii.

Maneno hayo hayana ubaya wa makusudi. Mwalimu ana ripoti sabini mezani, mitihani imekwisha kusahihishwa usiku wa manane, na mwalimu mkuu anazitaka asubuhi. Tatizo ni kwamba "ongeza bidii" ni madai juu ya chanzo. Yanasema kuwa mtoto huyu amepata alama ndogo kwa sababu hakujitahidi. Huenda ni kweli. Lakini huenda alijitahidi kila siku kufanya jambo moja kwa njia isiyo sahihi, na akiongeza bidii atalikosea mara nyingi zaidi.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa ya watoto katika hesabu za kutoa. Walionesha kuwa makosa mengi yanayoonekana kama uzembe ni kanuni kamili ambayo mtoto anaifuata kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina kasoro. Mfano unaojulikana sana ni wa mtoto anayetoa tarakimu ndogo kwenye kubwa katika kila safu, bila kujali ipi iko juu. Akipewa 402 − 158, anasema nane toa mbili ni sita, tano toa sifuri ni tano, nne toa moja ni tatu. Anaandika 356. Jibu sahihi ni 244.

Mtoto huyo hakubahatisha. Mpe hesabu kumi za aina hiyo, atakosea zote kumi kwa mtindo uleule, na mwalimu anayelitazama daftari kwa dakika mbili ataweza kutabiri jibu lake la kumi na moja. Hapo ndipo maoni ya ripoti yanapoanzia: kwenye daftari. Jedwali la alama halina habari hiyo.

Tuchukue darasa la mfano, Darasa la Tano lenye wanafunzi 72, somo la Hisabati, mtihani wa alama 50. Madaraja ni yale yale yanayotumika katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi: 41 hadi 50 ni A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, na kuanzia 10 kushuka ni E. Mtoto wa 402 − 158 amepata 19. Mwisho wa mwaka uliopita alikuwa na 14. Nafasi yake, hata hivyo, imeshuka kutoka 58 hadi 61, kwa sababu wenzake nao walipanda.

Mwalimu akiitazama nafasi peke yake, ataandika "Ameshuka, asimamiwe". Akiitazama alama peke yake, huenda akaandika "Hongera, amepanda". Kila moja ina ukweli kidogo na upotoshaji kidogo. Mtoto amejifunza kitu, hilo ni kweli. Bado yuko daraja D, na hilo pia ni kweli. Mzazi anastahili kuambiwa yote mawili, na nafasi inaweza kuachwa ijisemee yenyewe kwenye jedwali, kwa kuwa inaeleza zaidi habari za wale wengine 71.

Sasa daftari. Katika zoezi la mwisho alifanya hesabu sita za kutoa zisizohitaji kukopa, akapata zote. Alifanya sita za kukopa, akakosa zote. Kujumlisha anajua, hata kwa namba za tarakimu nne. Kwa hiyo mtoto huyu "dhaifu wa Hisabati" ana tatizo moja mahususi la kutoa, linaloonekana, lenye jina, na lililomharibia maswali mengi kwa sababu kutoa kumejificha ndani ya mada nyingine: vipimo, saa, fedha, hata kugawanya.

Hapa Kiswahili kinampa mwalimu msaada ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Kuna tofauti kubwa kati ya "hawezi kukopa" na "hajaweza kukopa". La kwanza linamweleza mtoto alivyo. La pili linaeleza mahali alipofika. Kiambishi -ja- kinasema kweli bila kuficha chochote, kwamba jambo halijafanyika, na papo hapo kinauacha wakati wazi mbele yake. Vivyo hivyo "huchelewa" ni tabia iliyokwisha kuhukumiwa, lakini "alichelewa mara 6 mwezi Aprili" ni tukio lililohesabiwa, ambalo mzazi anaweza kulikubali, kulipinga au kulitafutia sababu.

Ukiyafuatilia maoni ya ripoti yaliyoandikwa vizuri, utaona yanajengwa kwa sura tatu za kitenzi. Kwanza -na-, kwa kile mtoto anachokifanya sasa: anajumlisha, anasoma, anaeleza. Pili -ja-, kwa kile ambacho bado: hajaweza, hajazoea. Tatu ile sura inayoishia na -e, ya jambo la kufanya: afanye, asome, ajaribu. Ya kwanza bila ya pili ni kubembeleza. Ya pili bila ya kwanza humwacha mtoto hana pa kusimama. Na zote mbili bila ya tatu humfanya mzazi ajue kuna tatizo asijue aanzie wapi, na mzazi asiyejua aanzie wapi mara nyingi huanza na fimbo.

Mwalimu wa mfano wetu, katika rasimu ya kwanza, aliandika: "Anajitahidi ila Hisabati bado ni ngumu kwake." Sentensi ni ya upole, lakini iweke juu ya jina la mtoto mwingine yeyote katika wale thelathini wa chini uone kama haitakaa. Itakaa. Rasimu ya pili ilikuwa: "Ana udhaifu katika matendo ya hesabu yanayohusisha kukopa." Hii ni mahususi, ila imeandikwa kwa lugha ya mkaguzi. Rasimu ya tatu ilitoka hivi:

"Amepanda kutoka 14 hadi 19 kati ya 50, bado ni daraja D. Anajumlisha vizuri. Anatoa bila kosa pale pasipohitaji kukopa. Hajaweza kukopa: kwenye 402 − 158 aliandika 356, jibu ni 244. Likizo hii afanye hesabu 3 kama hiyo kila siku, kisha ajumlishe jibu lake na 158 aone kama linarudi 402."

Ni maneno hamsini hivi. Kwenye fomu yenye mistari mitatu hayaenei kwa mwandiko mkubwa, na walimu wengine huandika nyuma ya karatasi. Kilicho muhimu zaidi ni hiyo sentensi ya mwisho. Mtoto huyu anajua kujumlisha, kwa hiyo amepewa njia ya kujisahihisha kwa kutumia kile anachokijua. 356 ukijumlisha na 158 unapata 514, si 402. Atagundua mwenyewe kuwa kuna kitu hakiko sawa, hata kama nyumbani hakuna mtu aliyesoma hesabu hizo. Mwalimu hakutafuta jambo zuri la kusema ili kumfariji. Ametaja uwezo wa kweli na kuufanya chombo cha kuondolea kosa, na hapo sifa na ukweli havigombani tena.

Kuna jambo lingine kuhusu karatasi hii ambalo fomu yenyewe hailioneshi. Katika nyumba nyingi anayeisoma ripoti kwa sauti ni mtoto mwenyewe. Bibi amekaa kwenye mkeka, macho hayaoni maandishi madogo au hakupata kusoma, anasema, "Haya mjukuu wangu, nisomee." Mtoto aliyeandikiwa "mzito wa kuelewa" inambidi atamke maneno hayo kwa mdomo wake mbele ya watu wa nyumbani. Atayatamka, au atabuni mengine. Mwalimu anayelijua hili huyasoma maoni yake kwa sauti ya mtoto kabla ya kutia saini, na maneno kama mzito, mvivu, mkaidi, kichwa maji hayapiti kwenye masikio yake. Halafu kuna faida: mtoto anayeisoma sentensi "hajaweza kukopa: kwenye 402 − 158 aliandika 356" anaweza kulazimika kumweleza bibi kukopa ni nini, na maelezo hayo ni somo.

Anayesahauliwa zaidi kwenye ripoti, pengine, ni mtoto wa katikati. Wa chini humtia mwalimu wasiwasi, wa juu humtia fahari, na yule wa alama 27 aliyekuwa na 27 muhula uliopita huandikiwa "Wastani, anaweza zaidi." Anaweza zaidi nini? Alama mbili zinazofanana huficha vitu viwili tofauti. Katika darasa letu la mfano, mwenye 27 alipoteza alama nyingi kwenye sehemu. Alijumlisha sehemu zenye asili moja, nane kati ya nane. Asili zilipotofautiana alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: 1/2 + 1/3 akaandika 2/5.

Kosa hili nalo lina mantiki yake, kwa kuwa ndivyo macho yanavyoona namba nne zilizopangwa. Dawa yake haiko kwenye kurudia kanuni peke yake. Mtoto anapaswa kushtuka kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu, na yeye alianza na nusu nzima kisha akaongeza kitu. Huwezi kuwa na nusu chapati, ukaongezewa kipande, ukabaki na chini ya nusu. Kwa hiyo maoni yake yakawa: "Amebaki na 27, daraja C. Anajumlisha sehemu zenye asili moja bila kosa. Hajaweza zenye asili tofauti: 1/2 + 1/3 aliandika 2/5, jibu ni 5/6. Kabla ya kukokotoa ajiulize kwanza, jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko nusu? Afanye maswali 2 kila siku." Neno "wastani" halimo. Halikuwa na kazi, kwa kuwa 27 limekwisha kulisema.

Mwenye 47 ana hatari ya aina nyingine. Kwake kalamu huteleza yenyewe: "Ana akili sana, aendelee hivyohivyo." Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani kwa watoto wa umri wa Darasa la Tano hivi. Baada ya kufanya vizuri kazi ya kwanza, baadhi ya watoto walisifiwa kwa akili yao na wengine kwa juhudi yao. Waliosifiwa kwa akili walielekea kuchagua kazi ambazo wangeonekana hodari tena, wakaepuka zile ambazo wangejifunza jambo jipya. Walipopewa maswali magumu na kushindwa, kazi yao iliyofuata ilishuka. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtoto aliyeambiwa kufaulu kwake ni akili huona kushindwa kwake kuwa ni ukosefu wa akili.

Haina maana mwalimu asimsifu mwenye 47. Amsifu kwa kitu alichokifanya. Daftari lake linaonesha anafupisha sehemu bila kuambiwa, na kwenye maswali ya maneno majibu ni sahihi ila hatua hazionekani. Anaruka kutoka swali hadi jibu. Leo haimdhuru. Atakapoingia sekondari, ambako njia ina alama zake, itamdhuru. Basi: "Amepata 47, daraja A. Anafupisha sehemu bila kukumbushwa. Hajazoea kuandika hatua katika maswali ya maneno. Likizo hii atunge maswali 5 ya maneno kutokana na matumizi ya nyumbani, ayajibu kwa hatua zote." Mtoto wa daraja A naye amepata -ja- yake, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Upande wa Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kutumika rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019 ulileta ngazi nne za maneno: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Wazo lilikuwa zuri, la kuondoa macho kwenye nafasi na ushindani. Lakini kishawishi ni kileile kwa sura mpya. Mwalimu akiandika "anakaribia matarajio" kwenye ngazi, kisha akarudia "anakaribia matarajio" kwenye maoni, mzazi amesomewa herufi kwa maneno marefu. Anakaribia wapi, na amebakiza nini?

Namba zina nguvu ambayo mwalimu hana budi kuijua. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya katika shule za Israeli, akilinganisha wanafunzi waliorudishiwa kazi zao zikiwa na maoni tu, waliopewa alama tu, na waliopewa vyote viwili. Waliopata maoni tu ndio waliofanya vizuri zaidi na kubaki na hamu. Waliopata alama pamoja na maoni hawakufaidika kama wao, kana kwamba namba iliyafunika maneno. Ripoti ya Juni haiwezi kuondolewa alama. Mwalimu wa darasa hana mamlaka hayo, na wazazi wangezidai. Anachoweza ni kuandika maoni mengine mapema, ndani ya daftari, mwezi Machi na Aprili, bila alama pembeni. Akifanya hivyo ripoti inakuwa mara ya tatu mtoto anasikia habari ya kukopa, si mara ya kwanza.

Na hilo ndilo linaloponya tatizo la muda pia. Ripoti 72 kwa dakika tano kila moja ni saa sita kamili, bila kunyanyua kichwa. Mwalimu asiye na kumbukumbu yoyote atatumia dakika hizo akijaribu kukumbuka sura, na ataishia kwenye "ongeza bidii". Kinachosaidia ni daftari moja la kurasa nyingi, jina la kila mtoto na mistari kumi chini yake. Anaposahihisha zoezi la Jumatano, anaandika kwa watoto sita au saba tu: tarehe, alichofanya, kosa lenyewe kwa namba zake. Kwa mwendo huo, darasa zima linazungukwa ndani ya wiki kumi au kumi na mbili. Juni ikifika, kazi iliyobaki ni kuchagua.

Yapo mambo ambayo hayafai kuandikwa kabisa. Mtoto mwingine wa darasa letu ameshuka kutoka 38 hadi 24. Rejesta inaonesha hakuwepo siku 21, na 17 kati ya hizo ni Alhamisi, siku ya gulio. "Mtoro" ni neno fupi na linaenea kwenye mstari, lakini linamlaumu mtoto kwa jambo ambalo pengine aliagizwa. Mwalimu ataandika anachokijua, yaani idadi ya siku, ile Alhamisi, na mada zilizofundishwa siku hizo ambazo hajazipata. Sababu ataitafuta kwa kumwita mzazi na kuzungumza naye ana kwa ana. Hali kadhalika mtoto anayekosea akinakili kutoka ubaoni ilhali imla anaandika sawasawa: mwalimu si daktari, haandiki "haoni". Anaandika kuwa hunakili kwa makosa akikaa nyuma na kwamba akihamishiwa mbele makosa yalipungua, kisha anashauri apimwe macho. Magonjwa, michango ambayo haijalipwa na mambo ya ndani ya familia hayana nafasi kwenye karatasi itakayosomwa kwa sauti sebuleni.

Chini kabisa ya fomu nyingi kuna mstari wa mwisho, "Maoni ya mzazi", na sehemu ya saini. Kwa kawaida hurudi Julai ukiwa mtupu, au umeandikwa "Asante mwalimu". Wa mtoto wa alama 19, katika mfano wetu, umerudi na mwandiko wa kaka yake: "Tumefanya kwa vijiti. Sasa anakopa, ila sifuri ikiwa katikati bado anachanganya." Mwalimu anafungua lile daftari lake, anatafuta jina, na chini ya mstari wa Mei anaandika tarehe mpya: 402, sifuri katikati. Kisha anaandaa hesabu tatu za kuanzia Jumatatu, 305 − 127, 600 − 248 na 701 − 356.